Jozi 36 za kandambili na mipira 9

Kwa miaka mingi kipindi changu cha michezo kilikuwa na andalio la mstari mmoja: kuwagawa watoto mafungu mawili, kupuliza filimbi, kuwaacha wacheze. Siku moja nilichukua daftari, nikakaa pembeni na kuhesabu. Darasa la nne, watoto 36, mpira mmoja, dakika 20. Kila mtoto aliyegusa mpira nilimchorea kijistari. Mwishoni wavulana watatu walikuwa wamejikusanyia karibu nusu ya vijistari vyote, na watoto 11 hawakuwa na hata kimoja. Kati ya hao 11 alikuwamo binti mmoja mrefu ambaye kwenye rede hakuna anayeweza kumpiga na mpira. Kwenye soka langu alisimama karibu na goli lao, akavua ubuyu mfukoni, akaumaliza wote.

Tatizo la kwanza lilikuwa mpira mmoja, na hilo nililitatua ndani ya wiki. Niliwaomba watoto walete chandimu, ule mpira wa matambara na nailoni uliofungwa kamba, na tukapata 7. Pamoja na mipira miwili ya dukani iliyokuwa stoo, tukawa na mipira 9, yaani mmoja kwa kila watoto wanne. Nilidhani chandimu ni mpira wa dharura, kumbe kwa kufundisha pasi unaushinda mpira wa dukani. Haudundi sana, unakwenda polepole, na mtoto ambaye hajawahi kucheza anaweza kuutuliza kwa mguu mmoja bila kukimbizana nao hadi barabarani. Ukinunua mpira wa dukani, watoto wa umri huu wapewe namba 4. Namba 5 ni ya watu wazima, na mtoto wa miaka 9 akiupiga kwa upande wa ndani wa mguu unamchosha, hivyo anaanza kuupiga kwa ncha ya kidole.

Tatizo la pili lilinichukua muda mrefu zaidi. Niliposema "leo tunafundishana pasi", nilifanya kama nilivyofundishwa mwenyewe: mistari miwili inayotazamana, toa pasi, kimbia nyuma ya mstari. Mazoezi yale yanapendeza ukiyatazama kwa mbali. Watoto wametulia, mipira inakwenda na kurudi. Lakini mtoto aliye kwenye mstari hana la kuamua. Anayempa mpira anamjua, mahali pa kuupeleka anapajua, na hakuna anayemkaba. Mechi ikianza, yote hayo hayapo. Anapokea mpira, anainua macho, hamwoni mtu, anabutua.

Na kwa nini hamwoni mtu? Kwa sababu wenzake wamejificha nyuma ya wakabaji bila kujua kwamba wamejificha. Hapo ndipo nilipobadilisha somo zima. Pasi nzuri inaandaliwa na yule asiye na mpira, kabla mwenye mpira hajaupiga. Nikaandika shabaha mbili tu kwenye andalio: kila mtoto atoe pasi ya chini, ya hatua 5, kwa upande wa ndani wa mguu, na kila mtoto ajue kujisogeza mahali ambapo pasi inaweza kumfikia. Kipindi ni cha saa moja, kuanzia saa 10 alasiri jua likiwa limepungua makali.

Kabla ya filimbi

Nafika uwanjani robo saa kabla yao, kisha tunautembea pamoja, watoto wamejipanga mstari mmoja wa upana wa uwanja kama wanaotafuta hela iliyopotea. Kila mtu anaokota chupa, misumari, miiba na kokoto kwenye njia yake. Shimo lisiloweza kufukiwa linazungushiwa matawi, na hakuna kiwanja kinachochorwa hapo.

Baada ya hapo wote wanavua viatu, au wote wanavaa. Hii ndiyo sheria ninayoisimamia kwa ukali kuliko zote. Vidole vinavyovunjika kwenye soka la watoto mara nyingi huvunjika pale mwenye raba ngumu anapogombea mpira na aliye peku. Uwanja wetu ni wa mchanga na nyasi, kwa hiyo tunacheza peku. Uwanja ukiwa wa kokoto, basi wote wavae, na asiye na viatu aazimwe kabla ya kuanza. Asiambiwe akae nje.

Kuvua viatu kuna faida ya pili. Watoto 36 wanakuwa wameniachia jozi 36 za kandambili, na hizo ndizo koni zangu. Jawabu la kawaida la kijiji ni kuweka mawe mawili kuwa goli, na jawabu hilo ni baya: mtoto akianguka juu ya kandambili anacheka, akianguka juu ya jiwe anashonwa. Magoli makubwa ya chuma tunayaacha kabisa. Goli la chuma lisilofungiwa chini huanguka mtoto anaponing'inia kwenye mwamba wa juu, na watoto wamekufa hivyo katika nchi mbalimbali. Kama goli la shule halijachimbiwa, lilazwe chini kifudifudi kipindi kisipokuwa cha mechi, na kuning'inia kupigwe marufuku siku zote.

Hereni, bangili na saa vinaingia kwenye mfuko wangu. Wasichana wenye ushungi wanauchomekea ndani ya fulana na kutoa pini. Kisha naulizia afya kwa sauti ya chini, mtoto mmojammoja, kwa wale ninaowajua. Mwenye pumu dawa yake ya kuvuta inakaa kwangu. Tuna watoto wawili wenye selimundu. Hao wanacheza, lakini wanakunywa maji kila baada ya dakika 10, wanapumzika wanapotaka bila kuomba ruhusa, na hakuna anayewakimbiza. Upungufu wa maji na kuchoka kupita kiasi vinaweza kuwaanzishia maumivu makali ya kuwalaza hospitali. Hii pia ndiyo sababu niliacha adhabu ya kuzunguka uwanja: siwezi kujua ni nani kati ya 36 ambaye mwili wake hauwezi, na mzazi wake hajaniambia.

Mikono kwanza

Dakika 8 za mwanzo hakuna anayepiga mpira kwa mguu. Makundi mawili ya watoto wanne yanacheza dhidi ya jingine katika eneo la hatua 15 kwa 15, wakirushiana mpira kwa mikono. Mwenye mpira haruhusiwi kutembea. Mpinzani haruhusiwi kumpokonya mkononi. Anaweza tu kuudaka ukiwa angani. Pasi 5 mfululizo ni pointi moja. Kundi la tisa, lisilo na mwenzake, linajigawa wawili kwa wawili.

Ukimwondolea mtoto shida ya mguu, anabaki na shida ya macho na nafasi, na hiyo ndiyo ninayotaka kuifundisha. Yule binti wa rede alianza kutawala hapo. Miaka yote ya kukwepa mpira kati ya warushaji wawili ilikuwa imemfundisha kutazama, kuhadaa kwa bega na kuhama ghafla. Kijana wetu hodari wa chenga, kwa upande wake, alikuwa akisimama palepale na kupiga kelele "nipe, nipe" huku mkabaji amesimama mbele yake.

Nikasimamisha mchezo mara moja tu. Jua la alasiri lilikuwa linarefusha vivuli, nikavitumia. Nikamwambia yule kijana asimame nyuma ya mkabaji, nikamuuliza: "Unauona mpira?" Akasema anauona nusu. "Basi na mpira unakuona nusu. Uko kivulini mwa mtu. Toka kivulini." Akapiga hatua mbili kwenda kulia. "Sasa?" Anauona wote. Kuanzia hapo neno "kivuli" likawa lugha yetu. Mtoto akilalamika kwamba hapewi pasi, wenzake wanamjibu kabla yangu: uko kivulini.

Vilango

Dakika 12 zinazofuata zinakwenda kwenye mguu wenyewe. Nagawa uwanja maeneo matatu, makundi matatu kila eneo, na kila eneo lina vilango 8. Kilango kimoja ni jozi moja ya kandambili, moja huku na moja kule, upana wa hatua moja. Watoto wanne wa kundi wanazunguka na mpira wao, na pasi inahesabiwa ikipita kwenye kilango na kupokelewa na mwenzao upande wa pili. Haihesabiwi mara mbili mfululizo kwenye kilango kilekile. Dakika ya kwanza ni ya kutembea tu, ili makundi yazoee kupishana bila kugongana vichwa. Kisha wanakimbia kwa dakika moja, wanahesabu, wanapumzika, wanajaribu kuvunja rekodi yao wenyewe. Hesabu ya kundi jingine siitangazi.

Pasi ya upande wa ndani ina mambo matatu. Mguu uliosimama uwe kando ya mpira, vidole vyake vikielekea unakotaka mpira uende. Mguu unaopiga ugeuzwe nje, kifundo kikiwa kigumu kana kwamba kimefungwa gamba. Na baada ya kupiga, mguu uendelee mbele kuufuata mpira kidogo. Siyasemi yote matatu kwa mtoto mmoja. Namtazama, nachagua moja.

Namna ya kuchagua ni kuutazama mpira, nao husema kosa lilipo. Mpira ukiruka juu, mguu uliosimama umebaki nyuma na mtoto ameegemea nyuma. Ukienda kwa kupinda au kukwepa lengo huku ukizunguka kama pia, kifundo kimelegea. Ukitoka kwa kasi ya ajabu na kwenda popote, amepiga kwa ncha ya kidole, na siku hiyo mtafahamu wote kwa sababu atakuwa ameshika kidole. Ukifika nusu njia na kufa, mara nyingi umbali ni mkubwa kwake. Sogeza kilango, usimkaripie mtoto.

Kupokea nako kuna jambo moja kubwa: asiupokee mpira akiwa amesimama kama mlango uliofungwa, kifua chote kwa anayempa. Ageuke ubavu kidogo ili aone alikotoka mpira na anakoupeleka kwa wakati mmoja. Vilango vinamlazimisha kufanya hivyo, kwa sababu kilango kinachofuata kiko nyuma yake.

Kichwa hatupigi, wala kwenye zoezi hili wala kwenye mechi. Chama cha soka cha Marekani kilizuia watoto wa miaka 10 na chini kupiga kichwa tangu mwaka 2015, na mwaka 2020 vyama vya Uingereza, Skotlandi na Ayalandi ya Kaskazini vikaondoa vichwa kwenye mazoezi ya watoto wa shule za msingi. Kwa somo la pasi za chini hatupotezi chochote. Mpira ukiruka juu ya kiuno ni wa wapinzani, na sheria hiyo peke yake hupunguza kubutua kuliko maneno yangu ya mwaka mzima.

Kati

Sasa tunaleta mkabaji. Watatu wako nje ya mraba, mmoja kati. Ni zoezi lilelile ambalo Wahispania wanaliita rondo, na ambalo Johan Cruyff alilifanya chakula cha kila siku alipokuwa kocha wa Barcelona kati ya mwaka 1988 na 1996. Watoto wetu hawakuhitaji kuelezwa. Waliona mmoja anasimama katikati, wakaliita "kati", basi.

Nachora miraba 9, na kati ya mraba na mraba pana hatua 4 tupu, ili anayerudi nyuma kufuata mpira asimkanyage jirani. Miraba mitatu ina hatua 10 kila upande, mitatu ina 8, mitatu ina 6. Mkubwa ni rahisi kwa watoa pasi, mdogo ni mgumu. Ninachosema ni hiki: chagueni wenyewe mraba, watoto wanne kila mmoja.

Nilijaribu kwanza kuwapanga mimi, wazuri huku, wanaojifunza kule. Ndani ya dakika moja kila mtoto alijua amewekwa kapu gani, na wale wa kapu la pili wakaacha kujaribu. Nilipoacha miraba iwe ya kuchagua, mambo yalijipanga kwa njia ya kuchekesha. Wavulana wenye sifa walikimbilia mraba wa hatua 6, wakapoteza mpira kila pasi ya pili, wakaangaliana, na baada ya zamu mbili wakahamia ule wa 8 wakidai kwamba kule mchanga ni mwingi. Binti mmoja mwoga alianza kwenye mraba wa 10 na wiki ya tatu akahamia wa 8 bila mtu kumwambia. Kipimo changu ni chepesi: wakishindwa kufikisha pasi 3 mfululizo, mraba uongezwe au wahame, wakifikisha 10 wakiwa wanaongea habari nyingine, wapunguze, au kila mmoja aruhusiwe kuugusa mpira mara mbili tu.

Kuna desturi moja ya zoezi hili niliyoiondoa. Kwa kawaida anayepoteza mpira ndiye anayeingia kati, na haki inaonekana kutendeka. Kwa darasa la uwezo tofauti ni dhuluma, maana mtoto dhaifu anapoteza, anaingia, hawezi kuukamata, anabaki humo dakika 10 akikimbizwa kama mbwa na mfupa, na anatoka hajatoa pasi hata moja. Aliyehitaji mazoezi zaidi ndiye aliyeyakosa. Mimi nahesabu sekunde 45 na kupuliza. Anayekaba anatoka, mwingine anaingia, awe amekosea au la. Zamu nne zinaisha kwa dakika 3, kila mtoto amekuwa kati mara moja na nje mara tatu. Tunafanya mizunguko mitatu, na katikati yake tunakunywa maji.

Hapa "kivuli" kinapata kazi yake ya kweli. Mwenye mpira ana wenzake wawili. Mkabaji akimfuata, mmoja wao karibu kila mara atakuwa kivulini, na ni yeye anayetakiwa kupiga hatua mbili ubavuni, si mwenye mpira kuhangaika. Nawatazama wasio na mpira tu. Nikiona miguu yao imeota mizizi, najua pasi inayofuata itakatwa kabla haijapigwa.

Tulikuwa na kijana asiyesikia vizuri. Filimbi yangu haikuwa na maana kwake, na mara mbili aliendelea kukaba wenzake wakiwa wamesimama, mara ya pili akamgonga mtu. Kosa lilikuwa langu. Sasa ishara ya kusimama ni filimbi pamoja na mkono wangu wenye kitambaa chekundu juu, na kila mtoto anayeiona anainua wake na kuweka unyayo juu ya mpira. Mikono 35 juu huwezi kukosa kuiona. Kilichonishangaza ni kwamba darasa zima sasa linasimama haraka kuliko zamani.

Mechi yenye vichochoro

Dakika 20 ni za mechi, nne kwa nne, viwanja vinne vya hatua 25 kwa 20. Watoto 32 wanacheza, kundi moja la wanne linapumzika kwa zamu huku kila mmoja akihesabu pasi za kiwanja kimoja kwa kijiti mchangani. Hakuna kipa. Kila timu ina vilango viwili vya kulinda, kimoja kila kona ya mwisho, na viwili vya kushambulia, ili mpira ukizibwa upande mmoja kuwe na sababu ya kuuhamisha upande mwingine.

Swali gumu la mechi ya mchanganyiko ni nini cha kufanya ili wasiojua wapate mpira. Jawabu ninalolisikia mara nyingi ni sheria ya "kila mtu aguse kabla ya goli". Nililitumia muhula mzima. Linavyofanya kazi ni hivi: timu inapiga pasi kati ya watatu wake hodari, kisha kila mtu uwanjani anajua mpira lazima uende kwa nani. Wapinzani nao wanajua. Wanamzingira yule mtoto watatu, anapokonywa, na wenzake wanamkaripia. Nilikuwa nimemsaidia kwa kumchora shabaha mgongoni. Sheria nyingine, ile ya kuwazuia wenye uwezo wasikimbie au watumie mguu mmoja, inawafanya waone kwamba kujua mpira ni kosa.

Nilichokuja kukubali ni kwamba upendeleo uwekwe kwenye sehemu ya uwanja, usiwekwe kwenye mtoto. Kila upande wa kiwanja nachora kichochoro cha upana wa hatua 3. Mchezaji mmoja wa kila timu anaweza kukaa kwenye kichochoro. Akiwa humo na mpira, hakuna wa kumkaba. Ana hesabu ya tano kutoa pasi au kutoka nao. Akishatoa, anaingia kati na mwenzake mwingine anaruhusiwa kuingia kichochoroni. Goli lililotokana na pasi ya kichochoroni lina thamani ya mawili.

Sheria ni moja kwa wote, na kila mmoja anaitumia kwa haja yake. Mtoto anayeanza anapata mahali ambapo anaweza kuupokea, kuutuliza na kuinua macho bila kupigwa kikumbo. Tulikuwa na mtoto mwenye mguu mmoja dhaifu, ambaye hapo awali alikuwa refa wangu wa kudumu, kazi ambayo hakuiomba. Ndani ya kichochoro hakuhitaji mbio. Alihitaji kuona, na aliona vizuri. Na yule hodari wa chenga aligundua kwamba goli lake la peke yake lina thamani ya moja na la kupitia kwa huyo mwenzake ni mawili. Hakugeuka kuwa malaika. Alipiga hesabu, akaanza kutoa pasi.

Kuna hitilafu mbili za kuangalia. Ya kwanza, mtoto mwoga kugeuza kichochoro kibanda chake na kutotoka; ndiyo maana aliyetoa pasi lazima aingie kati. Ya pili, hesabu ya tano kuwa ya haraka kwa adui na ya polepole kwa rafiki, na hilo linamalizwa kwa kumpa anayehesabu pasi kazi ya kuhesabu kwa sauti. Mechi ni za dakika 5, tatu kwa jumla, na dakika zinazobaki zinakwenda kwenye maji na kubadilishana wapinzani. Timu ikishinda kwa magoli manne, siibadilishi. Naongeza upana wa vilango ambavyo waliozidiwa wanashambulia, kwa hatua moja.

Kuteleza kwa miguu ili kupokonya hakuna, na kusukuma kwa mikono hakuna. Mtoto akigongwa kichwa anatoka kwa siku hiyo hata akisema yuko sawa, na hasa akisema hivyo haraka. Akitapika, akisinzia, akiumwa kichwa kinachozidi au akijibu mambo yasiyoeleweka, anapelekwa kituo cha afya mara moja, na mzazi anapigiwa simu hata kama hakuna dalili hizo. Radi nayo nina kanuni yake: ukiona mmweso na ngurumo ikafika kabla hujahesabu 30, wote wanaingia darasani, na hatutoki hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Hatukimbilii chini ya mwembe. Wenzangu wa kanda ya Ziwa hawahitaji kuambiwa hili mara mbili.

Dakika 6 za mwisho

Tunatembea kiwanja kimoja kwenda na kurudi, kisha tunakaa kivulini. Siulizi nani kashinda. Nauliza: nani alikutoa kivulini leo? Mtoto anamtaja mwenzake aliyejisogeza akampa njia. Siku ya kwanza walitajana wafungaji tu, kwa mazoea. Siku ya nne yule binti wa rede alitajwa mara sita, na hakuwa amefunga hata goli.

Wakati wanatafutana na kandambili zao, ambazo daima hubaki mbili za mguu wa kushoto zisizo na mwenyewe, naandika kwenye daftari mistari mitatu. Siku hiyo niliandika hivi: miraba ya hatua 6 ilikuwa mingi, wiki ijayo iwe mmoja na ya 10 iwe minne, ya 8 minne. Kichochoro kilikuwa kinamtazamisha mpokeaji kwenye jua, kigeuze kiwanja kielekee kaskazini na kusini, na baada ya mechi ya pili timu zibadilishane upande. Chandimu namba tatu imefumuka, aliyeileta aombwe kamba. Kisha nikachora vijistari kwa ile mechi ya mwisho niliyoihesabu, kiwanja kimoja, watoto 8, dakika 5. Aliyegusa mara chache kuliko wote alikuwa na vijistari 7.